Akaunti Imefungwa, Mwenye Alama Amelalamika

Mwaka 1994, mwaka uleule filamu ya The Lion King ilipotoka, kampuni ya Disney ilipeleka ombi kwenye ofisi ya alama za biashara ya Marekani. Ilitaka kusajili maneno mawili ambayo watalii huimbiwa karibu kila hoteli ya pwani ya Afrika Mashariki: hakuna matata. Usajili ulitoka mwaka 2003. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili hawakuwa na habari hiyo hadi mwishoni mwa mwaka 2018, mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alipoanzisha ombi la mtandaoni la kuitaka kampuni iuachie usajili huo. Sahihi zikapita 100,000.

Walioghadhibika walikuwa na haki ya kughadhibika. Hata hivyo, wachache walifungua daftari la usajili kuona kilichoandikwa ndani. Usajili ule ulihusu nguo, fulana hasa, na ulikuwa wa Marekani. Mwenye nyumba ya wageni Diani aliyeiita kwa maneno hayo hakuguswa. Lakini kijana anayechapa fulana Arusha, akaweka maneno hayo kwenye jina la akaunti yake na kuwatumia wateja mzigo hadi Texas, yuko mahali pengine kabisa. Huyo anaweza kuamka asubuhi moja na kukuta akaunti haifunguki.

Nini kinachowatenganisha hawa wawili ndilo swali la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza akaunti yake inapofungwa kwa malalamiko ya alama ya biashara. Wengi hawalifikii. Wanaanza kuandika maombi ya huruma kwa Instagram au Facebook, wanaeleza ukubwa wa familia na mkopo wa benki, wanatuma ujumbe uleule mara kumi kwa siku, na majibu hayaji. Hayaji kwa sababu ombi la namna hiyo halimpi mpokeaji kitu cha kupima.

Kwanza, je, ujumbe ni wa kweli?

Kabla ya kutafuta wakili, thibitisha kwamba malalamiko yapo. Matapeli wanajua jinsi neno "alama ya biashara" linavyomtisha mwenye duka, na wamelifanya chambo. Ujumbe wao hudai kwamba akaunti itafutwa ndani ya saa 24 au 48 kwa kukiuka haki za kampuni fulani, kisha humpa mtu kiungo cha "kukata rufaa". Kiungo humpeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa Instagram, ambako huombwa neno la siri na namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Akiviandika, akaunti imeshahamia mikononi mwa mtu mwingine.

Njia ya kupima ni rahisi maadamu akaunti bado inafunguka. Ndani ya mipangilio ya Instagram, chini ya Accounts Center, kwenye sehemu ya neno la siri na usalama, kuna orodha ya barua pepe ambazo mtandao wenyewe umezituma hivi karibuni. Barua isiyokuwamo humo haikutoka kwao. Ujumbe wa faragha unaotoka kwa akaunti inayojiita "kitengo cha hakimiliki" nao ni wa kitapeli, hata ukiwa na nembo nzuri kiasi gani.

Taarifa ya kweli hutambulika kwa inachobeba. Kwa kawaida hueleza kwamba maudhui au akaunti imeondolewa kwa taarifa ya mtu wa tatu kuhusu alama ya biashara, hutoa namba ya taarifa hiyo, hutaja jina la mwenye haki, na huweka anwani ya barua pepe ya mlalamikaji. Vitu hivyo vitatu, yaani namba, jina na anwani, ndivyo vitakavyotumika katika kila hatua inayofuata. Mfanyabiashara avipige picha ya skrini siku hiyohiyo, pamoja na ukurasa unaoonyesha muda uliobaki wa kukata rufaa. Facebook na Instagram zinaposimamisha akaunti huonyesha siku zilizosalia kabla haijafungwa moja kwa moja. Kwa miaka ya karibuni hesabu hiyo imekuwa ikianzia 180, lakini namba ya kufuata ni ile iliyo kwenye skrini ya mhusika. Kama ukurasa huo una kitufe cha kupakua taarifa za akaunti, akibonyeze mapema. Picha za bidhaa na tarehe za posti za zamani zitahitajika kama ushahidi.

Mtandao hausikilizi kesi

Mwenye alama anayelalamika hujaza fomu. Anaandika jina lake, alama inayodaiwa, namba ya usajili, nchi iliposajiliwa, aina ya bidhaa au huduma, viungo vya akaunti anayoilalamikia na maelezo mafupi. Kisha anatia sahihi kwamba anaamini kwa nia njema kwamba haki yake imevunjwa na kwamba ana mamlaka ya kulalamika. Mara nyingi anayejaza si mwenye kampuni. Ni wakala au ofisi ya mawakili inayolipwa kupekua mitandao kila siku, na huenda siku hiyo imelalamikia akaunti nyingi kwa mkupuo.

Anayepokea fomu hiyo hukagua kama usajili upo na kama jina linafanana. Hana nafasi ya kumwita mwenye duka la Kariakoo na mlalamikaji wa Milano awasikilize wote wawili, na wala hajui kwamba duka lilifunguliwa kabla kampuni haijazaliwa. Akiona namba ya usajili upande mmoja na ukimya upande wa pili, anafunga.

Makosa hutokea hata pale ambapo hakuna mlalamikaji wa nje. Msanii wa Australia, Thea-Mai Baumann, alikuwa na akaunti ya Instagram yenye jina @metaverse tangu mwaka 2012. Facebook ilipobadili jina la kampuni na kuwa Meta, tarehe 28 Oktoba 2021, jina la akaunti yake likawa lulu ghafla. Siku chache baadaye akaunti ilifungwa kwa maelezo kwamba anajifanya mtu mwingine. Karibu miaka kumi ya kazi yake ilitoweka machoni pa watu kwa takriban mwezi mmoja, hadi gazeti la New York Times lilipouliza. Hapo ndipo Instagram ilipokiri kwamba ilikosea na kuirudisha. Baumann hakukosa hoja wala ushahidi. Alikosa mtu wa kumsikiliza.

Kwa upande wa anwani za tovuti kuna utaratibu wa usuluhishi ulioanza mwaka 1999, unaosimamiwa pamoja na wengine na Shirika la Haki Miliki Duniani, WIPO. Pande zote mbili huandika hoja zao na msuluhishi huru huamua. Majina ya akaunti hayana chombo cha namna hiyo. Hata utaratibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani, unaomruhusu aliyefutiwa video kutuma taarifa ya kupinga na mlalamikaji akalazimika kwenda mahakamani au kunyamaza, hauhusu alama za biashara. Ndiyo maana ufunguo wa haraka wa akaunti iliyofungwa kwa sababu hii, mara nyingi, unashikwa na mlalamikaji mwenyewe. Yeye akiandika kwa mtandao, kwa anwani ileile aliyolalamikia na kwa namba ileile ya taarifa, kwamba anaondoa malalamiko, mtandao hauna tena sababu ya kuendelea kufunga.

Mipaka mitatu ya alama

Kumwandikia mlalamikaji bila kujua nguvu ya alama yake ni kwenda kwenye mazungumzo umefunga macho. Nguvu hiyo ina mipaka mitatu: nchi, bidhaa na tarehe.

Nchi kwanza. Alama ya biashara ni haki ya nchi au eneo iliposajiliwa. Usajili wa Umoja wa Ulaya unafika nchi wanachama 27 na kuishia hapo. Hauingii Tanzania wala Kenya. Kuna alama mashuhuri sana ambazo sheria huzilinda hata pasipo usajili, lakini hizo ni chache, na mwenye kudai umashuhuri ana kazi ya kuuthibitisha. Kwa Tanzania Bara, daftari liko BRELA. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, hivyo usajili wa upande mmoja hauhesabiki upande wa pili. Kwa Kenya, daftari liko KIPI, na hapo pana jambo la kuangalia: Kenya imo katika mfumo wa Madrid tangu mwaka 1998, kwa hiyo kampuni ya ng'ambo inaweza kuwa na ulinzi Kenya kupitia usajili wa kimataifa bila kuwahi kukanyaga Nairobi. Tanzania haimo Madrid, ila imo katika itifaki ya Banjul ya shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, na ombi linalopita Harare linaweza kuitaja Tanzania.

Pili ni bidhaa. Usajili hufanywa kwa makundi ya kimataifa yanayoitwa makundi ya Nice. Yako 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Nguo na viatu viko kundi la 25, mikoba kundi la 18, vito kundi la 14, vipodozi kundi la 3, migahawa na nyumba za wageni kundi la 43. Mwenye alama ya viatu hana haki ya moja kwa moja juu ya mgahawa wenye jina hilohilo. Lakini kutofautiana kwa namba hakutoshi peke yake. Mikoba na viatu viko makundi tofauti, ilhali mteja anaweza kuamini kwamba vinatoka kwa mtengenezaji mmoja, na sheria inajali kile mteja atakachoamini.

Tatu ni tarehe. Nani alianza? Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, aliyelitumia jina mfululizo tangu kabla ya usajili na kabla ya matumizi ya mlalamikaji ana kinga anayoweza kuitaja. Anayetumia jina lake halisi kwa nia njema naye hutazamwa kwa jicho tofauti.

Kesi ya Uzi Nissan, mfanyabiashara wa North Carolina, inaonyesha mipaka ya bidhaa na tarehe ikifanya kazi pamoja. Nissan ni jina la ukoo wake, na alilitumia kwenye biashara tangu mwaka 1980, wakati magari ya kampuni ya Japani yakiuzwa Marekani kwa jina la Datsun. Mwaka 1994 alisajili anwani nissan.com kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshitaki. Baada ya miaka mingi na gharama kubwa, anwani ilibaki mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 2020. Lakini palikuwa na sehemu aliyoshindwa. Tovuti yake iliwahi kubeba matangazo yanayohusu magari, na mahakama ilisema hapo aliingia kwenye shamba la mwenzake. Kuuza kompyuta kwa jina lake kulimlinda. Kujipatia pesa kwa matangazo ya magari chini ya jina hilohilo hakukumlinda.

Mipaka hii yote huonekana bure mtandaoni. WIPO ina hifadhidata iitwayo Global Brand Database kwenye branddb.wipo.int, na Ulaya inaendesha nyingine iitwayo TMview. Mtu huandika jina, au namba ya usajili kama amepewa, na kusoma mambo manne: mmiliki ni nani, nchi gani, makundi gani, na hali ya usajili leo. Usajili uliokwisha muda si silaha. Ombi ambalo bado liko mezani halijawa usajili. Wakati mwingine jina la mmiliki kwenye daftari ni tofauti kabisa na la aliyelalamika, na hilo nalo ni swali halali la kumuuliza.

Kuna karatasi moja inayowapotosha wafanyabiashara wengi wa Tanzania, nayo ni cheti cha jina la biashara. Mtu hukiambatisha kwenye rufaa akiamini amemaliza mchezo. Cheti hicho kinatolewa chini ya sheria nyingine, na kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya kumzuia mwingine kutumia jina hilo kwenye bidhaa, wala hakifuti alama ambayo mwingine ameisajili. Hata hivyo kina faida moja kubwa: kina tarehe iliyotolewa na serikali. Kitumike kama ushahidi wa tarehe, kisitumike kama hati ya umiliki.

Makubazi ya Magomeni na kampuni ya Hamburg

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, anauza makubazi ya ngozi kwa jina la Hatua. Posti yake ya kwanza ni ya mwaka 2016, na jina la biashara alilisajili mwaka 2017. Wasifu wa akaunti unasema: "Makubazi ya mkono. Tunatuma duniani kote." Siku moja akaunti inafungwa. Mlalamikaji ni kampuni ya Hamburg yenye alama HATUA, iliyosajiliwa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, kundi la 25.

Anaanza na daftari. Usajili wa Ulaya upo na uko hai. BRELA hakuna, ARIPO hakuna. Kwa hiyo Tanzania kampuni haina alama iliyosajiliwa. Upande wa bidhaa hana pa kujitetea, maana viatu kwa viatu ni kundi lilelile. Upande wa tarehe yeye ndiye wa kwanza kwa miaka minne, lakini utangulizi wake ni wa Dar es Salaam. Ulaya haki humwendea zaidi anayewahi kusajili, na makubazi yaliyouzwa Magomeni mwaka 2016 hayampi haki Ujerumani.

Udhaifu wake, basi, ni maneno matatu ya wasifu: "Tunatuma duniani kote." Amekwisha kupeleka jozi kadhaa Ulaya kwa wateja waliolipa. Hayo ni mauzo ndani ya eneo la kampuni, kwa bidhaa ileile na jina lilelile. Akikana, mlalamikaji atatoa picha ya oda. Akikubali kuachia soko hilo, hapotezi kitu kikubwa, kwa sababu karibu wateja wake wote wako Tanzania.

Kabla hajaandika neno lolote kwa Hamburg, anafanya jambo moja BRELA: anawasilisha ombi la kusajili Hatua kama alama ya biashara, kundi la 25. Malalamiko yameijulisha kampuni kwamba yupo na soko lipo, na hakuna kinachoizuia nayo kupeleka ombi Tanzania wiki hiyohiyo. Yeye ndiye mtumiaji wa kwanza nchini, na ana haki ya kutangulia.

Kisha anaandika barua pepe. Kwa kampuni ya Ujerumani itakuwa ya Kiingereza, lakini maudhui yake yangesomeka hivi:

"Tumepokea taarifa yenu namba fulani kuhusu akaunti yetu. Tunauza makubazi Dar es Salaam kwa jina la Hatua tangu mwaka 2016, na tunaambatisha posti ya kwanza, cheti cha jina la biashara cha mwaka 2017 na nakala ya ombi letu la alama. Usajili wenu mliouonyesha unahusu Umoja wa Ulaya. Bila kukiri kosa, tuko tayari kuacha kuuza na kutangaza viatu kwa jina hili ndani ya Umoja wa Ulaya, kuondoa maneno ya kutuma duniani kote, na kuandika Dar es Salaam, Tanzania kwenye jina la akaunti. Tunaomba muondoe malalamiko ili tuweze kufanya marekebisho hayo ndani ya siku saba tangu akaunti ifunguliwe. Tunaomba jibu ndani ya siku kumi."

Barua hiyo inamwonyesha mlalamikaji kwamba mwandishi amesoma usajili wake na anajua unapoishia. Inatoa kitu mahususi, na inataja tarehe. Zaidi ya hayo, inatatua kikwazo kimoja cha vitendo: akaunti ikiwa imefungwa, mwenye nayo hawezi kubadili chochote ndani yake hata akitaka. Lazima ifunguliwe kwanza, na mlalamikaji anahitaji ahadi ya maandishi ili aamini kwamba marekebisho yatafuata.

Sambamba na barua, anakata rufaa kwa mtandao kwa maneno machache: namba ya taarifa, nchi ya usajili wa mlalamikaji, nchi ya biashara yake, tarehe ya kuanza, viambatisho. Anaweza pia kupendekeza kwamba, iwapo mtandao unaona haki ya Ulaya inahitaji kulindwa, akaunti izuiwe kuonekana huko badala ya kufutwa kila mahali. Sera ya alama za biashara ya mtandao wa X imekuwa ikitaja waziwazi kwamba kutumia jina katika nchi nyingine au kwa aina nyingine ya bidhaa si lazima kuwe ukiukaji. Hoja hiyo ni halali kwa mitandao mingine pia.

Hatari kubwa ya hatua hii huja pale jibu linapofika. Mawakili wa mlalamikaji wanaweza kutuma hati ya ahadi tayari kwa sahihi. Mama wa Magomeni, kwa hamu ya kupata akaunti yake, yuko tayari kusaini chochote. Asome kifungu cha eneo. Kikisema ataacha kutumia jina hilo popote duniani, anatia sahihi ya kuachia hata Tanzania, mahali ambapo yeye ndiye mwenye nguvu. Kikimtaka aondoe ombi lake la BRELA, ni hivyohivyo. Kikimtaka alipe gharama za mawakili, anaweza kukataa sehemu hiyo na kukubali zilizobaki. Pesa za kumwona wakili wa alama za biashara zina thamani zaidi hapa kuliko katika hatua nyingine yoyote.

Kampuni ikinyamaza au ikikataa, na rufaa ikagonga mwamba, kinachobaki ni mahakama, njia ambayo wauza makubazi wachache wataimudu, au akaunti mpya yenye jina lililobadilishwa vya kutosha. Asichopaswa kufanya ni kufungua akaunti ya pili kwa jina lilelile usiku huohuo. Mtandao huhesabu hilo kuwa kukiuka kwa kurudia, na adhabu yake huweza kugusa akaunti nyingine zilizounganishwa na simu au barua pepe ileile. Vilevile asimlipe mtu anayejitangaza kwamba "anarudisha akaunti" kwa njia za ndani. Wengi wao huomba neno la siri na malipo ya awali, kisha hutoweka.

Pale mlalamikaji anapokuwa na haki

Si kila anayefungiwa ameonewa. Aina moja ya malalamiko inawahusu watu wengi wa Afrika Mashariki: akaunti inayobeba jina la bidhaa ya mwingine na herufi za nchi mwishoni. Muuza viatu vya mitumba hujiita kwa jina la kampuni ya viatu, kisha akaongeza tz au ke. Fundi simu huchukua jina la kampuni ya simu na kuongeza neno "service". Hawa huuza au kutengeneza bidhaa halisi, na hushangaa wanapoambiwa wamekosea.

Sheria inawaruhusu kuitaja bidhaa. Fundi anaweza kuandika kwenye posti kwamba anatengeneza simu za Samsung, maana hakuna namna nyingine ya kumweleza mteja. Muuza mitumba anaweza kusema kiatu hiki ni Nike, kama ni Nike kweli. Kinachokatazwa ni kulifanya jina hilo kuwa jina la duka, kwa kuwa mteja ataamini anaongea na kampuni yenyewe au wakala wake. Nembo ya kampuni ikiwekwa kwenye picha ya wasifu, shaka inakwisha kabisa.

Aliye katika hali hiyo asipoteze muda kwa hoja za nchi na makundi. Kampuni kubwa huwa zimesajili karibu kila mahali. Ombi lake kwa mlalamikaji liwe fupi: nakubali kubadili jina, naomba mwondoe malalamiko ili nibadilishe nikiwa na wafuasi wangu. Baadhi ya kampuni hukubali, kwa sababu shabaha yao ilikuwa jina na si mtu. Akaunti ikifunguka, abadilishe vyote siku hiyohiyo: jina la mtumiaji, jina linaloonekana, wasifu, picha, nembo kwenye posti za zamani, katalogi ya WhatsApp, na karatasi za kufungia mzigo. Kubadili jina la mtumiaji pekee na kuacha nembo kwenye picha ni kualika malalamiko ya pili, na ya pili huwa magumu zaidi kuyaondoa. Akiwa anauza bidhaa bandia, barua haimsaidii. Hilo ni kosa jingine lenye fomu yake, na mitandao hulichukulia kwa ukali zaidi.

Kabla ya jina kupata wafuasi

Kazi ya kupekua daftari la WIPO, inayofanywa kwa hofu baada ya akaunti kufungwa, ingeweza kufanywa kabla ya kuchapa mfuko wa kwanza. Jina likikutwa limesajiliwa na mwingine nchini kwa bidhaa ileile, lichaguliwe jingine. Likiwa huru, na biashara ikionyesha dalili za kukua, lisajiliwe kama alama. Tanzania Bara na Kenya zote hutangaza ombi kwenye jarida la alama na kutoa siku 60 za mtu kupinga. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Mwenye wateja Unguja na Pemba apeleke ombi jingine BPRA.

Kwa asiye na uwezo wa kusajili sasa, kuna faili moja la kutunza nje ya mtandao wa kijamii: risiti ya kwanza yenye jina la duka, cheti cha jina la biashara, leseni, ankara ya mchapaji wa lebo, na picha ya skrini ya posti ya kwanza yenye tarehe. Faili hilo liwe kwenye barua pepe ambayo haikutumika kufungulia akaunti, ili lipatikane hata siku ambayo simu itasema akaunti haipo.

Na anwani ya barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti iwe inayosomwa. Maduka mengi yalifunguliwa na mpwa au kijana wa jirani kwa anwani yake mwenyewe, ambayo ameshasahau neno lake la siri. Taarifa ya malalamiko huenda huko. Siku za rufaa huanza kuhesabiwa huko, na anwani ya mlalamikaji, ile ambayo barua ya kwanza inapaswa kwenda, iko humo ndani.